Matangazo mawili ya kazi na wasifu mmoja wa mpwa wangu

Jumapili ya juzi mpwa wangu alikuja kwangu Tabata na karatasi mbili alizochapisha stesheneri ya pale kituoni. Baada ya shikamoo na chai akazitandaza mezani, akaweka na wasifu wake katikati.

"Shangazi, yote mawili yanafungwa Ijumaa. Mimi nina jioni mbili tu za kukaa chini nikaandika. Nianze na lipi?"

Anafanya kazi Kariakoo, kwa mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vya ujenzi. Anatoka dukani saa kumi na mbili, na hadi afike Kivule, foleni ikiwa nzuri, ni saa mbili usiku. Ombi la kazi lililoandikwa vizuri, yaani wasifu uliopangwa upya na barua inayozungumza na tangazo lenyewe, linakula jioni mbili kamili. Maana yake wiki ile alikuwa na nafasi ya ombi moja zuri, au maombi mawili ya kulipua. Kwa hiyo swali lake lilikuwa zito, na nimeona niandike tulivyolijibu, kwa sababu watu wengi hulijibu kwa kuangalia cheo kilichoandikwa juu ya tangazo.

Yeye pia alikuwa ameshaegemea upande mmoja kwa sababu ya cheo. Tangazo la kwanza lilikuwa la kampuni ya malori yanayobeba mizigo kutoka bandarini kwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Walitaka Mhasibu. La pili lilikuwa la msambazaji wa vinywaji, nao walitaka Afisa wa Madeni ya Wateja. Mpwa wangu ana shahada ya uhasibu, na juu ya wasifu wake ameandika Mhasibu. Akaniambia la kwanza ndilo lake kabisa, la pili amelichukua la akiba.

Nilimwambia asubiri. Nimekaa miaka tisa katika ofisi za rasilimali watu hapa Dar, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa mtu wa mchujo wa kwanza, yule anayekabidhiwa rundo zima la maombi na kuambiwa alete majina kumi kesho asubuhi. Nieleze kazi ile inavyofanyika, maana ndiyo inayoamua hesabu yote inayofuata. Unachora jedwali. Kushoto unaandika majina, juu unaandika sifa nne au tano ulizopewa na meneja wa idara. Hazifiki kumi na tano kama zilivyo kwenye tangazo. Meneja anakuja mezani, anakuonyesha kwa kidole: hii, hii na hii, nyingine tutaangalia kwenye usaili. Kisha unafungua faili moja baada ya jingine, unatafuta mstari unaothibitisha kila sifa, unaweka vema au msalaba. Asiyekuwa na vema kwenye safu ya kwanza hufiki hata safu ya tatu yake. Usiku umeingia, mafaili yamebaki mia na kitu, unasonga mbele.

Kwa hiyo mwombaji anayetaka kuchagua kati ya matangazo mawili ana kazi ya kulichora jedwali lile yeye mwenyewe kabla ya mtu wa mchujo. Anatakiwa akisie safu nne au tano za kila tangazo, halafu aulize wasifu wake una mistari mingapi ya kuzijibu.

Tulianza kwa kufuta. Nilimpa penseli, nikamwambia akate kila sifa iliyopo kwenye matangazo yote mawili. Shahada ya uhasibu, ipo kote. Excel, ipo kote. Kiswahili na Kiingereza cha kuzungumza na kuandika, kote. Kufanya kazi kwa shinikizo bila kusimamiwa sana, kote. Hatua hii watu huiruka, na wakiiruka wanajidanganya, kwa sababu vitu hivi ndivyo vinavyompa mtu hisia kwamba tangazo "linanifaa". Mtu anasoma mistari minne mfululizo anayoiweza, moyo unatulia. Lakini mistari ile ile iko kwenye tangazo la pili, na ukweli ni kwamba kila mwombaji mwenzake anayo. Haimsaidii kuchagua wala haimtofautishi na mtu.

Baada ya kukata, tangazo la malori lilibaki na mambo manane. Awe na cheti cha taaluma ya uhasibu, CPA(T). Awe na uzoefu wa miaka 3. Aandae taarifa za fedha za mwaka kwa viwango vya IFRS. Aandae na kuwasilisha ritani za VAT na PAYE. Akokotoe gharama ya kila safari ya lori. Aandae bajeti. Awe mwenyeji wa wakaguzi wa nje. Ajue programu ya uhasibu ya Tally. La vinywaji lilibaki na sita: kufuatilia madeni ya mawakala, kulinganisha hesabu zao kila mwezi, kutoa ripoti ya umri wa madeni kila wiki, kupendekeza ukomo wa mkopo wa kila wakala, kuoanisha malipo ya benki na ya simu na akaunti za wateja, na mwisho, leseni ya udereva "itakuwa sifa ya ziada".

Akaweka vema kwa kufuata wasifu wake ulivyoandikwa. Kwenye la malori alipata tano kati ya nane: taarifa za fedha, ritani, bajeti, wakaguzi, Tally. Maneno yote hayo yamo kwenye wasifu wake. Kwenye la vinywaji alipata moja kati ya sita, kwa ajili ya mstari mmoja wa maneno mawili uliojificha chini kabisa ya majukumu: "Kufuatilia wadaiwa."

"Si unaona, shangazi?"

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na laiti tungeishia hapo angepoteza jioni zake mbili. Tulikuwa tumelinganisha maneno na maneno. Wasifu huandikwa haraka, mara nyingi kwa kuiga wa rafiki, na maneno yake hutanuka au husinyaa kuliko kazi yenyewe. Kwa hiyo nikaanza kumuuliza, mstari kwa mstari, swali moja tu: hapa wewe kwa mkono wako ulifanya nini?

Tuchukue VAT. Wasifu unasema: "Kuandaa ritani za VAT kila mwezi." Nikamuuliza anavyoiandaa. Akasema anakusanya risiti za EFD za manunuzi, anatoa ripoti ya Z ya kila siku kwenye mashine, anajumlisha mauzo na manunuzi kwenye Excel, anamtumia mshauri wa kodi kwa WhatsApp. Mshauri ndiye anayeingia kwenye mfumo wa TRA na kuwasilisha kabla ya tarehe 20. Je, amewahi kuiona ritani yenyewe imejazwa? Mara moja, alipotumiwa nakala. Je, risiti ya manunuzi ikikataliwa nani anajua sababu? Mshauri.

Kukusanya nyaraka za VAT ni kazi ya heshima, na asiyeifanya vizuri humtia bosi wake hasara. Ila tangazo la malori linataka mtu wa kuwasilisha, tena mwenyewe. Kwenye usaili, swali la pili tu lingefika pale asipopajua. Vema ikafutika, ukakaa msalaba.

Taarifa za fedha: alimpa mkaguzi mizania ya majaribio kutoka Tally, taarifa akaandaa mkaguzi. Msalaba. Bajeti: aliwahi kupanga bajeti ya matumizi madogo ya ofisi. Msalaba. Wakaguzi wa nje: hapo yuko imara, ndiye aliyewatolea hati za malipo kwa siku sita na kujibu maswali yao. Vema ikabaki. Tally, vema. Gharama ya safari ya lori, hajawahi kugusa. Miaka 3, ana miaka 2 na miezi 9, na hili silipi uzito. Mtu wa mchujo akiona miezi mitatu pungufu na safu nyingine zimejaa, anapita nalo.

CPA(T) ndiyo mlango wenyewe. Amefaulu ngazi ya kati ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, bado ya mwisho. Nilimwonyesha neno lililotumika: "lazima". Kwenye matangazo ya hapa kwetu kuna sifa zinazoandikwa "lazima", nyingine "atapewa kipaumbele", nyingine "itakuwa sifa ya ziada", na aliyeandika alikuwa na sababu ya kubadilisha maneno. "Lazima" kwenye cheti cha taaluma huwa ni safu ya kwanza ya jedwali. Kwenye miaka ya uzoefu neno hilo hilo huwa laini zaidi. Sijawahi kuona meneja wa fedha akisema CPA(T) tuiache tuangalie mtu, lakini nimesikia mara nyingi, huyu miaka yake haijatimia ila mwiteni.

(Kama tangazo ni la serikali kupitia Ajira Portal, usibahatishe hata kwenye yale yanayoonekana madogo. Umri usiozidi miaka 45 ni huo huo. Wakisema matokeo ya muda na hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, ukiambatisha slipu badala ya cheti umejitoa mwenyewe. Kule sifa huchujwa kama zilivyoandikwa.)

Hesabu mpya ya tangazo la malori ikawa mbili kati ya nane, na mlango umefungwa.

Tukageukia la vinywaji, tukianza na ule mstari wa maneno mawili. Unafuatilia wadaiwa vipi? Hapo sauti yake ilibadilika. Akafungua laptopu na kunionyesha faili. Wateja 64 wanaochukua saruji, nondo na mabati kwa mkopo. Kila mstari una jina la mteja, namba ya ankara, tarehe na kiasi, kisha safu inayohesabu siku za deni:

```
=TODAY()-C2
```

Kutoka kwenye safu hiyo amegawa madeni mafungu manne: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Kila Jumatatu asubuhi kabla duka halijachangamka anaichapisha na kumpelekea bosi. Nikamuuliza nani alimwagiza. Hakuna. Alipoingia pale madeni yalikuwa kwenye daftari, na bosi alikuwa akidai kwa kukumbuka sura za watu.

Hiyo ndiyo ripoti ya umri wa madeni, jukumu la tatu kwenye tangazo, na yeye hakujua kwamba anachokifanya kina jina.

Nikamuuliza malipo yanaingiaje. Akanieleza jambo ambalo mtu asiyefanya kazi ile hawezi kulitunga. Mteja wa Mbagala anamtuma dereva kulipa, dereva analipa kwa simu yake kwenye Lipa Namba, ujumbe unakuja na jina la dereva. Au fedha inaingizwa benki na kijana wa dukani, taarifa ya benki inaonyesha jina la kijana. Fedha ipo, deni la mteja bado linaonekana halijalipwa, na mteja akipigiwa simu anakasirika kwa haki kabisa. Akafungua karatasi ya pili kwenye faili lile lile, imeandikwa "Malipo yasiyo na mwenyewe". Kila jioni anaorodhesha fedha zilizoingia bila kujulikana, anazilinganisha kwa kiasi na tarehe na ankara zilizo wazi, anawapigia wateja wawili watatu wanaokaribiana, na zinazopata mwenyewe anazihamisha. Mwisho wa mwezi anawapelekea wateja wakubwa taarifa ya hesabu zao wasaini kwamba wanakubaliana nayo.

Kulinganisha hesabu za wateja na kuoanisha malipo ya benki na ya simu, majukumu mawili mengine kwenye tangazo, yalikuwa yote mle ndani. Kwenye ukomo wa mkopo alipata nusu: anamshauri bosi nani asiongezewe mzigo, ila anayekata shauri ni bosi. Leseni ya udereva hana, nayo imeandikwa kuwa ni ya ziada.

Tuliweka duara kwenye yale aliyoyafanya kweli lakini hayapo kwenye wasifu. Duara tatu na nusu; ukijumlisha na ile vema moja, nne na nusu kati ya sita. Ukisoma wasifu ule jinsi ulivyokuwa, mtu wa mchujo angemwekea vema moja na kusonga mbele, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Nadhani hii ndiyo tofauti inayopaswa kuongoza uchaguzi: msalaba na duara. Duara ni pengo la karatasi, unaliziba kwa jioni mbili ukiwa na kalamu. Msalaba ni pengo la kazi yenyewe, na hakuna maneno ya kuliziba kabla ya Ijumaa. Tangazo lenye duara nyingi ndilo linalolipa jasho la kuandika, hata kama mwanzoni lilionekana kuwa mbali na wasifu. Lenye misalaba mingi, hata wasifu ukirembwa vipi, unachofanya ni kusogeza siku ya kuumbuka kutoka kwenye mchujo hadi kwenye usaili.

Nilimwonyesha pia jinsi ya kuhakiki kwamba tumekisia vizuri safu za meneja. Angalia majukumu matatu ya kwanza. Anayeandika tangazo huanza na kinachomkosesha usingizi, mengine huongezwa baadaye kutoka tangazo la mwaka juzi. La vinywaji lilianza na madeni, hesabu za mawakala, ripoti ya kila wiki. Kisha angalia atawajibika kwa nani na atasimamia nani. La vinywaji: kwa Meneja wa Mikopo, hasimamii mtu. La malori: kwa Mkurugenzi wa Fedha, na atasimamia wasaidizi wawili. Mpwa wangu ndiye msaidizi kwa sasa. Mstari ule peke yake ulikuwa unasema wanamtafuta mtu aliye hatua mbili mbele yake, ingawa cheo kilikuwa kile kile alichokiandika yeye juu ya wasifu.

Kuna matangazo ambayo njia hii haiyawezi. Yapo yasiyo na majukumu kabisa, mistari mitatu na barua pepe, hapo huna cha kulinganisha. Yapo yaliyonakiliwa kutoka makao makuu ya nje, majukumu ishirini ya nafasi moja. Hapo nashauri kupiga simu na kuuliza kwa adabu kazi kubwa ya miezi mitatu ya mwanzo ni ipi. Na hesabu hii haisemi lolote kuhusu mshahara, bosi, au kama utaweza kutoka Kivule kila alfajiri. Inakuambia tu karatasi yako itapita wapi.

Jumatatu na Jumanne akaandika. Mstari wa maneno mawili ukapandishwa juu kabisa ya kazi yake ya sasa. Rasimu yake ya kwanza ilisema madeni yaliyopita siku 60 yalishuka kutoka shilingi milioni 43 hadi milioni 17 kwa miezi 8. Nilifurahi, kisha nikamwomba aziondoe zile milioni. Ni siri za biashara ya mwajiri ambaye bado anamlipa, na mwajiri mpya akiona anazimwaga atajiuliza atamwagiwa nini yeye. Ikawa hivi: "Ninasimamia akaunti 64 za wateja wa mkopo na kuandaa ripoti ya umri wa madeni kila wiki; kwa miezi 8 madeni yaliyopita siku 60 yamepungua kwa takriban asilimia 60." Chini yake, mstari wa kuoanisha malipo ya benki na Lipa Namba, na mwingine wa taarifa za hesabu zinazosainiwa na wateja. "Kuandaa ritani za VAT" ikawa "Kukusanya na kuhakiki nyaraka za VAT za kila mwezi". Aliona kama anajishusha. Nikamwambia asome tena neno "kuhakiki", kwa sababu ndilo analolifanya kweli na anaweza kulizungumzia robo saa bila kukwama.

Ombi lilitoka Jumatano usiku, siku mbili kabla ya kufungwa. Tangazo la malori hakulitupa. Alilikunja akaliweka ndani ya kitabu chake cha mitihani ya NBAA, misalaba ikiwa imeandikwa pembeni. Mmoja hauhitaji kusubiri mtihani. Alhamisi mchana alinipigia akiwa dukani, kelele za makuli nyuma yake, kuniambia amezungumza na mshauri wa kodi. Mwezi huu, kabla ya tarehe 20, ataenda ofisini kwake na nyaraka zake, akae pembeni yake, aijaze ritani yeye.